Mdudu aliniuma Amboni, siku ya tatu mguu unazidi kuvimba

Swali: Dada daktari, habari za kazi. Niko Tanga matembezini. Nilikwenda Mapango ya Amboni, nikakaa kwenye majani, mdudu akaniuma kwenye muundi, sikumwona. Mwanzo palikuwa panawasha tu, nikajikuna mpaka pakatoka damu, nikapaka krimu ya aleji ya duka la dawa. Leo siku ya tatu pamekuwa pekundu, pamevimba kuliko jana, pana joto na nikikanyaga panauma. Homa sina, kisukari sina. Kesho nina basi la Dar. Niendelee na krimu hadi nifike?

Jibu: Pole sana, kaka. Krimu iache, na Dar usiisubiri. Nenda ukaonwe leo hii hapo Tanga, kituo cha afya chochote kilicho karibu.

Kinachonitia wasiwasi ni mwendo wa siku zako tatu. Aleji ya kuumwa na mdudu hupanda haraka, kwa kawaida hufika kileleni ndani ya siku moja au mbili, kisha huanza kushuka. Tena huwasha zaidi ya kuuma. Kwako mwasho umegeuka maumivu, na uvimbe unapanda wakati ulipaswa kushuka. Ulipojikuna hadi damu, ngozi ilifunguka, na bakteria wanaokaa juu yake, hasa stafilokokasi na streptokokasi, wakapata njia ya kuingia. Maambukizi ya namna hiyo tunayaita selulaitisi. Krimu za aleji nyingi zina steroidi, ambayo hupunguza kinga ya ngozi pale pale inapohitajika.

Kabla hujatoka, osha mguu kwa maji safi na sabuni, usikamue. Kisha chukua kalamu ya wino uzungushe mstari pale uvimbe unapoishia, uandike na saa pembeni. Ngozi yetu nyeusi huficha wekundu. Huonekana kama zambarau au weusi uliokolea. Kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Pitisha mgongo wa kiganja kutoka kwenye ngozi nzima kuelekea kwenye jeraha, na pale joto na ugumu vinapoanza ndipo uchore. Linganisha na mguu wa pili. Papasa pia kinena: ukikuta mtoki unauma, mwambie atakayekuona.

Akikubaliana nami kwamba ni selulaitisi, huenda akakuandikia kloksasilini au flukloksasilini miligramu 500, kila baada ya saa 6, kwa siku 5 hadi 7, tumbo likiwa tupu. Amoksilini peke yake mara nyingi haifui dafu kwa stafilokokasi, kwa hiyo usiridhike na kapsuli tano za kuuziwa dirishani. Kama penisilini iliwahi kukutoa vipele au kukuvimbisha midomo, sema mapema, upewe dawa ya aina nyingine.

Sasa hapa watu wengi hukata tamaa bure. Saa 24 za kwanza baada ya kuanza dawa, uvimbe unaweza kuvuka mstari kidogo, na hiyo haimaanishi dawa imeshindwa. Ninachotaka kuona ni kwamba kufikia saa 48 umesimama, maumivu yamepungua na ngozi imeanza kulegea na kukunjamana. Ukiwa bado unasonga mbele, au katikati pamekuwa laini kama pana maji, rudi: huenda usaha umejikusanya, na huo unahitaji kupasuliwa.

Chunguza pia pale ulipoumwa. Kigaga cheusi kikavu, pamoja na homa na kichwa kuuma sana siku zinazofuata, hunifanya nifikirie homa ya kupe, maana kupe hukaa kwenye majani kama hayo. Hiyo hutibiwa kwa doksisaiklini, kloksasilini haiigusi. Na homa yoyote ukiwa ukanda wa pwani, pima malaria pia, hata kama mguu unaonekana kueleza kila kitu.

Basi la kesho liahirishe. Mguu unaoning'inia saa nyingi hujaa maji na dawa hufanya kazi kwa shida. Lala, uweke juu ya mito hadi upite usawa wa moyo. Kwa maumivu meza parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500, usizidishe vidonge 8 kwa siku.

Ukianza kutetemeka kwa baridi, au mstari mwekundu ukapanda kuelekea paja, au maumivu yakawa makali kupita kiasi cha kinachoonekana, au ngozi ikatoka malengelenge meusi, usingoje kuche. Nenda Hospitali ya Bombo usiku huo huo. Ukishaonwa, nitumie jina la dawa na saa uliyomeza dozi ya kwanza, nihesabu nawe hizo saa 48.