Bando la ofisi liliisha kwa siku moja, na hakuna aliyeangalia video

Jumatatu moja nilipigiwa simu na ofisi ya wapima ardhi pale Morogoro. Ofisi ni ndogo, watu watano tu, na kompyuta zao nawahudumia mimi. Bando lao la mwezi lilikuwa GB 20. Lilikuwa na siku saba tu tangu linunuliwe, na tayari lilikuwa limekwisha. Katibu muhtasi alikuwa ameshatoa hukumu kabla sijafika: ni yule kijana wa mafunzo kwa vitendo, anashinda kwenye video.

Modemu ya ofisi hiyo ni ile ya kuchomeka kwenye USB. Imekaa kwenye kompyuta ya zamani yenye Ubuntu ambayo ndiyo seva yao ya mafaili, na wengine wote wanapata intaneti kupitia hapo. Kila usiku wa kuamkia Jumamosi, saa nane, skripti niliyowaandikia mimi mwenyewe inafunga folda la Miradi kuwa faili moja na kulipakia kwenye seva ya kukodi iliyo nje ya ofisi. Ilikuwa imefanya kazi miezi mingi bila neno, kwa hiyo hata mimi sikuifikiria.

Bando likiisha, modemu haikwambii. Taa inawaka vilevile, mistari ya mtandao imejaa, na kompyuta bado ina anwani yake. Lakini ukifungua tovuti unapelekwa kwenye ukurasa wa kununua kifurushi, au inazunguka tu mpaka unachoka. Watu huishia kuchomoa na kuchomeka modemu nusu saa nzima. Pa kuangalia kwanza ni sanduku la ujumbe la laini yenyewe. Kampuni ya simu hutuma taarifa ya bando kwa SMS, nayo inaingia kwenye laini iliyo ndani ya modemu, ambako hakuna anayesoma. Modemu nyingi za Huawei za aina hii zina ukurasa wake kwenye `http://192.168.8.1`, na ndani yake kuna SMS. Nikazikuta: moja ya kuonya kwamba bando linakaribia kuisha, ya Jumamosi alasiri, na nyingine ya kwamba limekwisha, ya Jumamosi hiyohiyo saa tatu kasoro usiku. Jumamosi ofisi inafungwa saa saba mchana, na kijana alikuwa kwao Kilosa.

Ushahidi wa pili ndio uliomwokoa kabisa. Video inaingia, haitoki. Ukitaka kujua bando limeliwa na mtu au na kazi ya kupakia, linganisha kilichotoka na kilichoingia:

```
ip -s link
```

Kwenye majibu yake tafuta kifaa cha modemu, kisha soma mstari wa TX, yaani vilivyotumwa, na wa RX, yaani vilivyopokelewa. Hesabu hiyo huanza upya kila kompyuta inapowashwa, na kwa bahati umeme ulikuwa umekatika Ijumaa jioni, kwa hiyo nilikuwa nasoma mwisho wa wiki mtupu. TX ilikuwa zaidi ya GB 16. RX haikufika hata nusu GB. Ofisi nzima ikiangalia mpira ingekuwa kinyume chake.

Sasa swali likanirudia mimi. Faili la kupakia lilikuwa na GB 1.9. Limewezaje kula zaidi ya 16?

Jibu lilikuwa kwenye faili la kumbukumbu. Skripti yangu ilikuwa na kijisehemu hiki, ambacho siku naandika nilijiona mjanja:

```
until rsync -a "$FAILI" ofisi@seva:/hifadhi/
do
  sleep 60
done
```

Maana yake: jaribu, ukishindwa pumzika dakika moja, jaribu tena, usiache mpaka ufanikiwe. Kumbukumbu zilionyesha majaribio 14 yaliyoshindwa kabla bando halijaisha. Kila moja lilifika kama GB 1.2 kisha mawasiliano yakakatika. Na `rsync`, programu inayonakili mafaili kwenda kompyuta nyingine, kwa kawaida yake uhamishaji ukikatika katikati hulifuta kule upande wa pili lile faili lililofika nusu. Kwa hiyo kila jaribio lilianza sifuri. Zidisha 14 kwa 1.2 utapata 16.8, na GB tatu zilikuwa zimeshatumika katikati ya wiki kwa kazi za kawaida. Bando limekwisha hapo. Kampuni ya simu haijali kama faili lilifika zima. Kilichopita hewani kimehesabiwa.

Lakini kwa nini miezi yote ile ilifanikiwa? Hapa ndipo nilipojifunza kitu. Usiku modemu ile inapakia kama KB 250 kwa sekunde. Ikipakia mfululizo inapata moto mpaka huwezi kuishika, na baada ya saa moja na dakika ishirini hivi inajikata, halafu inajiunga tena na kupewa anwani mpya. Kwa mtu anayesoma barua pepe hilo ni kufumba na kufumbua. Kwa uhamishaji ulioanza na anwani ya zamani, ni kifo. Mwanzoni faili letu lilikuwa na GB 1.1, ambalo kwa kasi hiyo linahitaji kama dakika 73. Lilikuwa linamaliza dakika chache kabla ya modemu kujikata, na hakuna aliyejua tunapita kwenye tundu la sindano. Wiki ile waliongeza picha za droni za mradi mmoja, kama MB 800. Faili likahitaji saa mbili na zaidi. Kuanzia hapo halikuwa na uwezekano wowote wa kufika, hata lingejaribiwa mara mia, na skripti yangu ilikuwa imeagizwa isikate tamaa.

Ningeweza kununua modemu bora nikamaliza. Nilihamisha hii kwenye kamba fupi ya USB ikakaa mbali na joto la kompyuta, lakini kosa halikuwa la modemu. Kosa la kwanza lilikuwa kufunga na kubana folda zima kuwa faili la `tar.gz` lenye tarehe kwenye jina. `rsync` ina sifa ya kutuma kilichobadilika tu, lakini inahitaji cha kulinganisha nacho. Jina likiwa jipya kila wiki, kule upande wa pili hakuna faili la kulinganisha. Hata jina lingebaki lilelile, kubana huko kunafanya badiliko dogo la mwanzoni libadilishe karibu kila kitu kinachofuata, kwa hiyo `rsync` inaona faili geni. Na picha za JPEG zimeshabanwa tayari, tulikuwa hatupunguzi chochote cha maana. Nikaacha kufunga, nikatuma folda lenyewe kama lilivyo.

Skripti ya sasa ni hii:

```
#!/bin/bash
exec 9>/var/lock/pakia.lock
flock -n 9 || exit 1
timeout 2h rsync -a --partial --timeout=120 \
  --bwlimit=100 --stats \
  /data/Miradi/ ofisi@seva:/hifadhi/Miradi/ \
  >> /var/log/pakia.log 2>&1
```

`--partial` inaiambia ibakize kilichofika ili safari ijayo iendelee hapo. `flock` inazuia kazi mbili kwenda kwa wakati mmoja, ile ya kwanza ikiwa bado haijaisha. Lakini ninachotaka ukiangalie hapa ni `timeout 2h` pamoja na `--bwlimit=100`. Watu hutumia kikomo cha kasi ili wenzao wasikwame, na mimi hapa nakitumia kama kufuli la bando. KB 100 kwa sekunde, kwa sekunde 7,200, ni kama MB 740. Ongeza asilimia chache za gharama ya usafirishaji, na usiku mmoja hauwezi kuzidi hapo, litokee lolote. Hakuna tena `until`. Ikishindwa leo, itaendelea kesho, kwa maana sasa nimeiweka kila usiku badala ya mara moja kwa wiki. Kwa mwendo huo wa pole hata modemu haipati moto.

Kikomo hicho kilijilipa haraka kuliko nilivyotegemea. Wiki ya tatu, mmoja wa wapimaji alipanga vizuri folda zake, akabadilisha jina la folda kubwa kuliko zote. Kwa `rsync`, folda lenye jina jipya ni mali mpya, hata kama picha ni zilezile. Ingetuma GB nzima upya kwa mkupuo. Badala yake ilituma zile MB 740, ikakatwa na `timeout`, nami asubuhi nikaona kwenye kumbukumbu kiasi kisicho cha kawaida. Nikaingia kwenye seva ya kukodi nikabadilisha jina na huko, mambo yakaisha. Ukishuku kitu cha namna hiyo, endesha kwanza amri hiyohiyo ukibadilisha `-a` kuwa `-an`. Itakuandikia kwenye kumbukumbu ukubwa wa mafaili inayotaka kuyatuma bila kuyatuma, kwa gharama ndogo sana ya bando. Kumbuka tu kwamba inahesabu faili zima, hata kama limebadilika kidogo tu.

Jambo la salio. Laini ya modemu usiiache na vocha ndani. Bando likiisha, kuna laini zinazoendelea kukata salio kwa bei ya nje ya kifurushi, na kazi inayojiendesha usiku haina aibu. Nunua bando kutoka simu nyingine kwenda namba ya modemu, au weka salio la bando tu.

Baadaye tuliongeza bando la usiku kwa ajili ya kupakia, linaloanza saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na hapo nikajikwaa tena. Bando la mchana likaendelea kupungua. Kwenye cron, programu inayoanzisha kazi kwa saa ulizopanga, niliandika saa `2`, nikijua ni saa nane usiku. Kompyuta ile, nilipoiwekea mfumo upya, ilibaki kwenye saa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Kazi ilikuwa inaanza saa kumi na moja alfajiri, na saa yake ya pili yote ilikuwa inaangukia kwenye bando la mchana. Amri `timedatectl` bila nyongeza yoyote inakuonyesha ukanda wa saa. Marekebisho ni haya, na cron lazima uianzishe upya, la sivyo itaendelea na saa za zamani:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo systemctl restart cron
```

Siku hizi usiku wa kawaida unatuma kati ya MB 20 na 60. Katibu muhtasi ana alama kwenye kivinjari ya ukurasa wa SMS za modemu, anaufungua kila Jumatatu kabla ya chai. Yule kijana alimaliza mafunzo yake, na barua yake ya tathmini aliiandika katibu huyohuyo.