Maswali na majibu: sodiamu, potasiamu na kisanduku kinachobaki wazi

Daktari, shikamoo. Natengeneza jedwali la safu nne: chanzo, ECG, dalili, matibabu. Kwa potasiamu limejaa vizuri, ila kwa sodiamu safu ya ECG sina cha kuandika. Nijaze nini? (Mwanafunzi wa mwaka wa nne, Mbeya)

Marahaba. Usijaze kitu. Sodiamu ikipanda au ikishuka haiachi alama yake kwenye ECG ambayo unaweza kuitegemea mbele ya mgonjwa. Majedwali yanayozunguka kwenye simu zenu yana "QRS pana" au "ST imeshuka" mbele ya sodiamu kwa sababu aliyeyachora hakupenda kuona kisanduku kitupu. Hayo ni mabadiliko ya potasiamu, yamehamishwa chumba tu. ECG mpimie mgonjwa huyo hata hivyo, maana anayeharibikiwa sodiamu mara nyingi ameharibikiwa na potasiamu pia, lakini unachokitafuta pale ni potasiamu.

Kosa lako halimo kwenye kisanduku, limo kwenye safu. Umezilazimisha chumvi mbili zisizofanana zivae sare moja. Potasiamu hushika moyo, ndiyo maana safu ya ECG inaifaa. Sodiamu hushika ubongo: ikishuka, maji huingia kwenye seli za ubongo na kuzivimbisha, ikipanda, maji hutoka na seli husinyaa. Kwa hiyo kata jedwali lako vipande viwili. Upande wa sodiamu futa ECG, uweke safu mbili mpya: "maji mwilini yakoje" na "imeanza lini". Mpaka kati ya iliyoanza ghafla na ya siku nyingi ni saa 48. Usipojua ilianza lini, mhesabu mgonjwa kuwa ni wa siku nyingi, maana ubongo wake umeshazoea hali hiyo na kumrekebisha haraka ndiko kutakakomdhuru.

Sababu za sodiamu kushuka nimeorodhesha zaidi ya ishirini na sizikumbuki. Kuna ufupisho?

Ufupisho wa herufi siutoi, maana unakufundisha kukariri kabla ya kumgusa mgonjwa. Anza kwa kuondoa sodiamu ya uongo. Mgonjwa wa kisukari mwenye glukosi 35 mmol/L na sodiamu 126 hana shida kubwa ya sodiamu. Sukari imevuta maji kutoka kwenye seli. Kwa kila 5.5 inayozidi glukosi ya kawaida, ongeza sodiamu 2.4. Hapa unapata karibu 139.

Zinazobaki zigawe kwa kuangalia ulimi, mishipa ya shingo, miguu na presha akiwa amelala na akisimama. Aliyekauka: kuhara, kutapika, dawa za kukojoza. Aliyevimba: moyo, ini, figo. Asiyekauka wala kuvimba: homoni ya kubana mkojo imetoka bila kuitwa, na huku kwetu tafuta kwanza nimonia, TB, homa ya uti wa mgongo na karbamazepini. Mstari mmoja uandike peke yake kwa wino mwekundu: sodiamu chini na potasiamu juu kwa pamoja, presha iko chini, mgonjwa amekonda. Hapo fikiria tezi za juu ya figo zimekufa, na TB ni miongoni mwa wauaji wake.

Potasiamu 7.1, QRS imepanuka. Tunaanza na insulini au kalsiamu? Tumebishana wodini.

Kalsiamu, na mngeshaitoa wakati mnabishana.

Ubishi huu unatokana na kuandika "kalsiamu, insulini, salbutamoli, kusafisha damu" kwenye mstari mmoja kana kwamba unachagua. Hizo ni kazi tatu, kila moja na saa yake. Zigawe hivyo kwenye jedwali.

Kazi ya kwanza ni kuulinda moyo. Kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 30, mshipani polepole kwa dakika 10 huku ECG ikiendelea kusoma. Vitabu vingi vimeandika mililita 10. Anza nayo ukitaka, lakini QRS isiponyooka ndani ya dakika 5 rudia. Kosa ni kutoa ampuli moja, kuandika "kalsiamu imetolewa" na kuondoka. Ukiwa na kalsiamu kloraidi, mililita 10 zake zina kalsiamu karibu sawa na hizo 30, ila ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama, kwa hiyo tafuta mshipa mkubwa. Utaona QRS inapungua upana ndani ya dakika chache. Msishangilie: potasiamu bado ni 7.1, na kinga hiyo hudumu dakika 30 hadi 60 tu.

Kazi ya pili ni kuihamishia potasiamu ndani ya seli. Insulini ya kazi fupi yuniti 10 pamoja na dekstrozi ya asilimia 50, mililita 50, kwa dakika 15. Glukosi ikiwa tayari imepita 14, dekstrozi iache kwanza. Ongeza salbutamoli ya nebulaiza miligramu 10 hadi 20; dozi ya pumu haitoshi hapa, ila mwenye moyo mbovu aishie 10. Ndani ya saa moja potasiamu hushuka kwa 0.6 hadi 1. Panapoharibika ni baadaye: figo mbovu hukawia kuitoa insulini, sukari inaanguka saa ya pili au ya tatu wakati timu imeshahamia kitanda kingine. Pima sukari kila nusu saa mwanzoni, kisha kila saa, kwa saa 6 angalau.

Kazi ya tatu ni kuitoa nje. Furosemaidi kama anakojoa, kusafisha damu kama hakojoi. Bila hii, potasiamu uliyoificha itarudi baada ya saa 4 hadi 6. Hapohapo pitia cheti cha dawa: spironolaktoni, enalaprili, losartani, na ile inayosahaulika kila mara, Septrini ya dozi kubwa kwa mgonjwa wa VVU mwenye nimonia.

Bikaboneti ni ya mwenye asidi nyingi kwenye damu, si ya kila mtu, na usiipitishe kwenye mpira mmoja na kalsiamu. Zikikutana zinaganda chokaa.

ECG ni ya kawaida, potasiamu 6.8. Nisubiri?

Usisubiri. Ule mpangilio wa kitabuni, wimbi la T kuchongoka, kisha PR kurefuka na P kufifia, kisha QRS kupanuka, si ngazi ambayo kila mgonjwa huipanda. Wapo wanaotoka ECG safi hadi moyo kusimama. Mfunge kwenye monita na uchukue damu upya, safari hii bila kubana mkono kwa muda mrefu wala kumwambia akunjekunje ngumi, kisha uulize maabara kama chembe zimepasuka kwenye ile ya kwanza.

Ampuli moja ya KCl tukiisukuma taratibu sana na sindano, kuna shida?

Kuna kifo. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi na linarudi likiwa limevaa neno "taratibu". Haisukumwi kabisa. Ampuli ya mililita 10 ya asilimia 15 ina mmol 20, lakini soma lebo kwa sababu zipo za nguvu nyingine. Kwa mshipa wa mkono usizidi mmol 40 kwenye lita moja wala mmol 10 kwa saa. Kufika 20 kwa saa kunataka monita. Ukishachoma dawa kwenye dripu, igeuze juu chini mara kadhaa kabla ya kuitundika, la sivyo dawa inakaa chini karibu na mdomo na mgonjwa anaipata yote mwanzoni.

Na dripu yenyewe iwe ya chumvi. Ukitumia dekstrozi unaamsha insulini yake, inaisukuma potasiamu ndani ya seli, na namba inashuka huku ukiitibu.

Nimempa potasiamu siku tatu, bado 2.7. ECG ina wimbi la U. Nini tena?

Magnesiamu. Ikiwa chini, figo inaimwaga potasiamu yote unayoitia. Mpe magnesiamu salfeti gramu 2 kwenye dripu kama figo inafanya kazi, kisha endelea. Uliza pia kama anatumia digoksini. Huyo potasiamu ya 3 inaweza kumvurugia mapigo.

Mama wa kilo 50 anayemeza haidroklorothiazaidi amekuja na degedege, sodiamu 110, potasiamu 2.6. Niipandishe hadi ngapi, na kwa fomula ipi kwenye Excel?

Lengo la saa ya kwanza ni kupanda 4 hadi 6 tu. Degedege la sodiamu hutulia hapo. Namba ya kawaida si kazi ya leo. Fomula ni hii, sodiamu ikiwa B2 na uzito B3:

```
=(513-B2)/(B3*0.5+1)
```

Hiyo 513 ni sodiamu ya lita moja ya chumvi ya asilimia 3. Kwa mama huyu inatoka 15.5, yaani lita nzima ingempandisha 15.5. Mpe mililita 150 kwa dakika 20: anapanda kama 2.3. Pima, na degedege likiendelea rudia mara moja. Sasa yuko karibu 115. Simama.

Dari lake la saa 24 ni 8, yaani 118. Kwa wengine tunavumilia 10, lakini potasiamu ya chini inamweka kwenye kundi la wanaoharibika ubongo wakipandishwa haraka: siku chache baadaye anashindwa kuongea, kumeza na kunyanyua miguu, wakati namba kwenye faili inapendeza.

Mtego wa kwanza uko hapa, na ndio unaofanya jedwali lako lihitaji mshale kutoka potasiamu kwenda sodiamu. Potasiamu unayompa inaingia kwenye seli na sodiamu inatoka, kwa hiyo inapandisha sodiamu vilevile. Mpe mmol 80 kwa siku na umeongeza karibu 3 nyingine. Jumlisha na ile 4.6 ya mwanzo: umefika darini bila kutundika chumvi zaidi.

Mtego wa pili ni mkojo. Ukishaacha kile kidonge na mwili ukapata maji, homoni ya kubana mkojo inazima na anaanza kumwaga mkojo mweupe kama maji. Ukizidi mililita 100 kwa saa, usingoje majibu ya saa 6. Pima sodiamu sasa. Ikikaribia dari, mrudishie maji kwa dekstrozi ya asilimia 5, na desmopresini mikrogramu 2 kama ipo. Fomula ya Excel haioni mkojo, ndiyo maana inakosea kwa wagonjwa wa namna hii hasa.

Ni kweli Ringa haipewi mgonjwa mwenye potasiamu ya juu?

Si kweli. Ina potasiamu 4 mmol/L. Huwezi kuipandisha 6.5 kwa kuongeza maji yenye 4. Chumvi ya asilimia 0.9 kwa wingi ndiyo huongeza asidi na kuifukuza potasiamu kutoka kwenye seli. Kinachomzuia mgonjwa wako kupewa Ringa ni kama hakojoi na mapafu yameshajaa, na hapo hata hiyo chumvi usimpe.