Ulaze ubao kabla ya kuamini jibu

Jumapili moja mdogo wangu, yuko kidato cha tano, alinijia na kitini cha majibu ya mitihani ya nyuma alichonunua Mwanjelwa. Swali: kasha linateleza kwenye ubao ulioinama nyuzi 30, mgawo wa msuguano, μ, ni 0.2, tafuta mchapuko wake. Yeye alipata 3.2 m/s². Kitini kilisema 7.5, naye alikuwa ameshafuta kazi yake.

"Kaka, hawa wamechapisha kabisa. Nitakuwa nimekosea mimi."

Nilimzuia asirudie hesabu, maana ukipita njia ileile utajikwaa palepale. Tukakisia kwanza. Kama msuguano usingekuwepo, mchapuko ungekuwa g sin θ, yaani 9.8 × 0.5 = 4.9. Msuguano kazi yake hapo ni kupunguza. Basi 7.5 imetoka wapi?

Ilitoka kwenye fomula hii ya kitini:

```
a = g(cos θ − μ sin θ)
```

Vizio vyake havina kasoro, kwa sababu sin, cos na μ ni namba tupu. Kama wangesahau m kwenye sehemu ya msuguano, kilo ingebaki upande mmoja na kosa lingeonekana papo hapo, mradi uache herufi hadi mwisho. Lakini sin na cos zikibadilishana nafasi, vizio havitakwambia kitu.

Hapo ndipo unaulaza ubao. Weka θ = 0. Fomula ya kitini inatoa a = g: gunia la viazi pale Uyole, juu ya ubao uliolala, lichomoke lenyewe kama linaloanguka kutoka juu! Usimamishe ubao sasa, θ = 90. Gunia linapaswa kuanguka kwa g. Kitini kinatoa −μg.

Tukaipima ya kwake:

```
a = g(sin θ − μ cos θ)
```

Kwa nyuzi 90 ikatoa g. Kwa sifuri ikatoa −μg, akashtuka: "Mbona na yangu imeharibika?"

Wengi huitupa fomula sahihi hapa. Alipoiandika alichukulia kwamba kasha tayari linateleza kushuka. Kwenye ubao uliolala, gunia lililosukumwa kuelekea upande huohuo hupungua mwendo, na alama ya kutoa inasema hivyo hasa. Gunia lililotulia linabaki limetulia. Fomula hiyo haihusiki nalo.

Nikamwongezea kipimo ninachokipenda kuliko vyote: tan θ = μ, hapa kama nyuzi 11. Kwenye mwinamo huo kasha linaloteleza halizidishi mwendo wala halipunguzi, kwa hiyo a lazima iwe sifuri. Ukiandika 2μ badala ya μ, nyuzi 90 hazitakushtaki, kwa kuwa cos yake ni sifuri. Kipimo hiki kitakukamata.

Aliirudisha 3.2 yake kwa kalamu ya wino, akafungua swali lililofuata, na kabla ya kusoma jibu akaandika pembeni: θ = 0?