Kigari Kinaruka? Tafuta Kwanza Kinapoanzia

"Nimetengeneza slaida ya kamera, yaani kigari kinachobeba kamera juu ya reli za paipu za plastiki kwa magurudumu ya viatu vya kuteleza, lakini picha inaruka. Ninunue magurudumu gani mazuri zaidi?" (Msomaji, Mbale)

Usinunue chochote bado. Swali hili linanifikia kila wiki, na kila anayeliuliza ameshaamua kwamba kosa ni la magurudumu kabla hajatazama.

Chukua kalamu ya wino mzito, weka alama kwenye paipu kila sentimita 10. Piga mwendo uleule mara tatu kwa kasi ileile, huku simu ya pili ikipiga kigari chenyewe ili uone kimefika alama gani kila picha inaporuka. Mruko ukitokea mahali palepale mara zote tatu, kosa liko kwenye reli. Ukijirudia kwa umbali uleule, kosa liko kwenye gurudumu, na umbali wenyewe utakuthibitishia: gurudumu la milimita 64 hukamilisha mzunguko mmoja kwa sentimita 20 hivi, na la milimita 72 kwa sentimita 22 na nusu. Ikiwa mruko hauna mpangilio wowote, ni mkono wako.

Gurudumu lenye kosa mara nyingi limeshika kokoto, au limelala chini ya uzito wiki nzima likapata bapa. Ndiyo maana kigari hakihifadhiwi kikiwa juu ya reli. Likiharibika kabisa, tafuta jingine kwenye viatu vya mtumba pale soko la Owino, Kampala.

Kosa la reli kwa kawaida ni kiungo. Kata ncha za paipu kwa mshazari wa digrii 45 badala ya kukata mraba, gurudumu litapita kiungo polepole badala ya kukigonga. Ndani ya kiungo chomeka kipande cha mti kinachobana, urefu wa sentimita 30 hivi. Halafu usiweke kiungo cha kushoto mkabala na cha kulia. Viachane angalau nusu mita, kigari kisipate pigo pande zote mbili kwa pamoja. Na dukani usichukue paipu bila kuitazama. Funga jicho moja, chungulia urefu wake kama fundi anavyochungulia mbao. Paipu zilizoanikwa juani hupinda, na muuzaji hatakwambia.

Mkono nao una dawa. Funga utepe wa tyubu ya baiskeli kwenye kigari na uvute kwa huo, usivute kigari moja kwa moja. Mpira hunyonya mishtuko ya vidole, hasa unapoanza na unapomaliza. Kisha ongeza uzito: kifuko cha mchanga cha kilo 2 au 3 juu ya kigari. Kigari chepesi hutii kila kosa la mkono.

"Slaida nzuri ni ipi na ni bei gani?" (Msomaji, Kampala)

Ya kubeba nini? Kamera ya uzito gani, juu ya sakafu au nyasi, mwendo wa urefu gani? Andika upya.

"Reli zangu ni mita 3, nazitandika uwanjani kwenye kwanjula, sherehe ya bibi harusi kumtambulisha mchumba kwa familia. Kigari kinakwama katikati, nikikisukuma kwa nguvu kinaruka. Fundi wa Katwe amesema nichomelee vyuma vya kushika reli mbili pamoja." (Msomaji, Jinja)

Vyuma hivyo vitasaidia kidogo na vitakupa mzigo wa kubeba. Ugonjwa ni mwingine. Bila shaka magurudumu yako yamewekwa kwa jozi zilizoinama, zikiikumbatia paipu, upande wa kushoto na wa kulia vilevile. Maana yake kigari kinadai umbali kati ya paipu usibadilike hata kidogo kwa mita zote tatu. Kwenye nyasi hilo halipatikani. Paipu zikikaribiana kwa milimita chache, magurudumu yanabana. Zikiachana, yanapanda ukingoni.

Acha upande mmoja uongoze na wa pili ubebe tu. Kushoto bakiza jozi zilizoinama, mbele na nyuma. Kulia toa jozi, weka gurudumu moja pana, bapa, linalokaa juu ya paipu bila kuikumbatia. Moja tu, katikati. Sasa kigari kina sehemu tatu za kukalia, na kama kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata chini pasipo sawa. Paipu ya kulia inaweza kwenda kombo sentimita moja na hutaona kitu kwenye picha. Hakikisha tu kwamba kamera imekaa katikati ya sehemu hizo tatu, la sivyo kigari kitapinduka, na wazee wa pande zote mbili watakukumbuka kwa hilo kuliko kwa video.

Chini ya paipu weka vipande vya mbao kila nusu mita, ukisawazisha kwa pimamaji. Paipu ikilegea katikati, upeo wa picha unazama kisha unapanda, na mhariri hawezi kuurekebisha vizuri. Na jamani, tandikeni reli kabla wageni hawajafika. Kila msimu naona mpiga video anatambaa na pimamaji mbele ya shangazi anayezungumza.

"Beringi zangu ni nzito. Nizioshe kwa petroli nitie mafuta ya cherehani?" (Msomaji, Arua)

Wanaoteleza kwa mashindano hufanya hivyo kwa sababu wanataka kasi. Wewe unataka mwendo wa polepole, na girisi nzito ya beringi mpya, zile zenye namba 608, inakusaidia kuupata. Ziache. Paipu nazo zifute kwa kitambaa kikavu; mafuta juu yake hukusanya vumbi.

"Naweza kutumia kiti cha ofisini kwenye sakafu ya vigae?" (Msomaji, Entebbe)

Kwa sakafu laini isiyo na mistari, ndiyo. Vigae vina mistari, na magurudumu madogo ya kiti huhesabu kila mmoja. Tena yanajizungusha: ukigeuza mwendo, kila gurudumu linageuka kwanza na kiti kinarushwa pembeni. Kwa hiyo sogeza kiti kidogo upande unaokwenda kabla ya kubonyeza kurekodi, na usirudi nyuma ndani ya picha ileile.

Kiti cha wagonjwa ni bora mara nyingi. Gurudumu lake kubwa hupita mstari wa kigae bila kutikisika, na matairi ya upepo ukiyapunguza kidogo yanakuwa springi. Mpiga picha akae akielekeza kamera ubavuni, mwenzake asukume. Kodisha au nunua kilichotumika. Usiazime cha mtu anayekihitaji, hata kwa nusu saa.

"Mwendo ni laini kabisa lakini mteja anasema kamera imesimama." (Msomaji, Masaka)

Kwa sababu hakuna kitu karibu. Ukisogea mita 1 kwenda pembeni, kitu kilicho mita 1 mbele yako kinahama digrii 45. Kilicho mita 10 kinahama 6 tu. Weka kikapu cha zawadi, kiti au majani ya mgomba karibu na lenzi, yapite mbele ya wahusika. Usijaribu kufidia kwa kuvuta haraka. Na ukipiga kwa fremu 25 kwa sekunde, weka shata 1/50. Juani tumia kioo cheusi mbele ya lenzi, vinginevyo kila fremu inakuwa kali mno na mwendo unaonekana kukatikakatika ingawa reli haina kosa.

"Nikikaa nyuma ya bodaboda nikiangalia pembeni, si ni kigari tosha?" (Msomaji, Kampala)

Hapana. Na dereva anayekubali, usipande naye hata bila kamera.