Tangazo la kupunguza wafanyakazi: "tumeamua" au "tunakusudia"?

Swali: Mimi ni afisa mawasiliano wa kampuni ya mabasi, Mwanza. Tumefunga njia mbili na tunapunguza watu 40. Bosi anataka tangazo litoke leo kwenye ukurasa wa kampuni: "Katika kuboresha ufanisi, tumeamua kuagana na wanafamilia 40, ambao watapewa haki zao zote." Wafanyakazi wataambiwa Jumatatu. Nirekebishe wapi?

Jibu: Lisitoke leo, ndugu yangu. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, kisha ashauriane na chama chao, au na wenyewe kama hawana chama, kuhusu sababu, namna ya kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuchagua, muda na kiinua mgongo. Ukiandika "tumeamua" leo, mtu atalipiga picha tangazo lako na kulipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kuonyesha kwamba vikao vya Jumatatu vilikuwa geresha. Kwa sasa neno la kweli ni "tunakusudia", na linakaa kwenye barua ya ndani.

Tuseme vikao vimekwisha, mmekubaliana, na idadi imeshuka hadi 34. Hata hapo, tangazo lisubiri mpaka wa mwisho awe na barua yake mkononi. Kuna dereva atakuwa safarini siku hiyo. Asije akasikia habari zake kutoka kwa abiria.

"Kuboresha ufanisi" futa kabisa. Linawapaka uvivu wanaoondoka, na pia linachanganya mambo: kumwachisha mtu kwa utendaji duni kuna utaratibu wake mwingine. Sababu yenu ni njia kufungwa, basi iseme. "Wanafamilia" nalo litoke, litawachoma tu. Na "haki zao zote" haliambii mtu kitu; zitaje. Ningeandika hivi:

"Tumefunga njia mbili kwa sababu mapato yake hayakufikia gharama. Baada ya kushauriana na wafanyakazi na chama chao, ajira za wenzetu 34 zitakoma mwisho wa mwezi ujao. Hatua hii imetokana na kufungwa kwa njia hizo, si utendaji wa mtu yeyote. Watalipwa mishahara hadi siku ya mwisho, likizo ambazo hawajachukua na kiinua mgongo, na watapewa cheti cha utumishi. Abiria waliokata tiketi za njia hizo watarudishiwa nauli."

Viwango vya malipo usiviweke hadharani. Kwa sheria, kiinua mgongo hakipungui mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka kamili wa kazi, mwisho miaka kumi, lakini mnaweza kukubaliana zaidi, na hesabu ya kila mtu ni siri yake. Bosi akitaka kuongeza "hatutapunguza tena", muulize kama yuko tayari kusomewa sentensi hiyo mwakani. Maoni yaache wazi, ila wanaouliza madai yao waelekeze kwa afisa rasilimali watu, kwa simu.