Mofini inaongezwa, maumivu nayo yanaongezeka

Swali: Shikamoo daktari. Mama ana saratani ya mlango wa kizazi. Alianza mofini ya maji miligramu 10 kila baada ya saa 4, sasa anakunywa 60. Tukiongeza anatulia kidogo, kisha yanazidi. Zamani alikuwa anaumwa kiuno, sasa ni mwili mzima, hata kanga ikimgusa paja analia. Ameizoea dawa? (Binti, Urambo, Tabora)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Aliyeizoea mofini huumwa palepale pa zamani, na akiongezewa ya kutosha hutulia. Mama maumivu yametoka kiunoni yakasambaa, kanga inamuuma, na dozi ikipanda hali inazidi kuwa mbaya. Hapo nashuku mofini yenyewe imeanza kuchochea maumivu.

Mofini huzuia taarifa za maumivu kwenye uti wa mgongo zisipande ubongoni. Ikitumika miezi mingi kwa dozi kubwa, neva hujibu kwa kujiongezea nguvu. Vipokezi viitwavyo NMDA huwa vyepesi kuamka, na ubongo nao hutuma chini ishara za kuyakuza maumivu. Mguso wa kawaida ukifika huko juu unasomeka kama jeraha. Mama hadeki, anaumwa kweli.

Kwa saratani hii nina wasiwasi zaidi na figo. Uvimbe ukibana mirija ya mkojo, mabaki ya mofini hujilundika mwilini, na baadhi yake huchochea neva. Mwangalie: mikono na miguu inashtuka-shtuka? Mkojo umepungua? Anaweweseka? Ukiona hayo mpeleke leo leo, msisubiri tarehe ya kliniki. Akilala fofofo na kumwamsha ni shida, msimpe dozi inayofuata, mkimbizeni hospitali.

Pale hospitali ya Kitete waombe wapime kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, na wamfanyie ultrasaundi ya figo. Wataangalia pia kama saratani imesogea, maana hiyo nayo huleta maumivu mapya, na matibabu yake ni tofauti. Kama figo ni nzima na saratani haijasogea, mimi ningeshusha dozi kwa robo, kutoka 60 hadi 45, nikaongeza parasetamo na amitriptilini ya usiku, kisha nikamfuatilia kwa karibu. Siku za mwanzo anaweza kulalamika. Lakini maumivu yakipungua huku dawa imepungua, basi jibu tumelipata, na tunaendelea kushusha taratibu. Ikishindikana, daktari anaweza kumhamishia methadoni, ambayo huziba pia vile vipokezi vya NMDA. Hiyo hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo huanzishwa chini ya uangalizi wa karibu.

Msiikatishe mofini ghafla nyumbani: atatoka jasho, ataharisha, na maumivu yatapanda. Kama hana dalili nilizotaja, abaki kwenye 60 mpaka aonwe, ila msiongeze tena. Mkienda, bebeni chupa ya dawa na daftari mnaloandika saa za kumpa.