Chenji ya Mtu Aliyekopa

*Swali la wiki: Je, umewahi kukuta katika maandishi ya mzazi wako jambo ambalo hakuwahi kukuambia kwa mdomo?*

Baba ana duka la rejareja Kibaigwa, na madeni ya wateja wake huyaandika katika kaunta buku ambalo jalada lake limelowa mafuta ya kupima. Kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, kwa hiyo deni hupanda wakati watu wakilima na hushuka mahindi yanapoanza kuingia sokoni. Mwaka jana, baada ya mavuno, niliamua kuliingiza daftari hilo lote katika lahajedwali kwenye kompyuta yangu ya mkononi, nikiwa na safu za tarehe, jina, bidhaa, deni, malipo na salio.

Kazi ilikwenda vizuri hadi nilipolinganisha jumla ya malipo na daftari la pili, lile ambalo Baba huandika fedha taslimu za madeni zilizoingia kila siku. Malipo ya wadeni yalizidi fedha zilizopokelewa kwa shilingi 38,200. Katika madeni ya shilingi 1,264,000 hilo si pengo kubwa, lakini hesabu isiyofunga hainipi usingizi, nami nilidhani nimekosea tarakimu mahali fulani. Nikarudi ukurasa kwa ukurasa.

Sikuwa nimekosea. Pengo lote lilitokana na neno moja, "chenji", nililokuwa nikiliingiza katika safu ya malipo bila kulifikiria. Mama mmoja mzee, ambaye daftari linamwita Mama wa Mwembeni, alikopa kuanzia Desemba hadi Machi sukari, chumvi, sabuni ya kipande na unga, jumla shilingi 46,500. Katikati ya mistari hiyo, mara 14, Baba ameandika "chenji yake 500", "chenji yake 1,000", "chenji yake 700", na kila mara amepunguza deni. Zote pamoja ni 11,500. Julai mama huyo alileta 35,000, na ukurasa wake ukapigwa mstari. Lakini siku zote hizo 14 alichukua bidhaa kwa mkopo, na anayekopa hatoi hela. Chenji yake itoke wapi?

Kiasi kilichobaki cha pengo kilikuwa katika kurasa za watu wengine wanne, na nyumba zao nazifahamu: kwingine kuna mgonjwa, kwingine shamba lilikauka. (Asije mtu akadhani Baba ni mpole kwa kila mdeni. Kijana mmoja wa bodaboda ameandikiwa pembeni, kwa wino mwekundu, "Anayo huyu. Adaiwe.")

Nilimuuliza, "Baba, mtu aliyekopa anapataje chenji?"

Aliendelea kupima mchele. "Mama, nikimwambia yule bibi kwamba nimemsamehe, kesho haji dukani. Atakula mlenda bila chumvi kuliko kuja kuchukua tena. Wewe andika chenji."

Kwa hiyo niliigawa safu ya malipo kuwa mbili, E ya fedha na F ya chenji, ili salio lipunguzwe na zote mbili, lakini fedha za dukani zilinganishwe na E peke yake:

```
=G2+D3-E3-F3
```

Hesabu ikafunga, nami nikajiona nimeielewa kazi ya Baba.

Januari mwaka huu Baba alisafiri kwenda Mpwapwa, akaniachia duka. Mama wa Mwembeni alikuja mwenyewe, akachukua chumvi na sabuni, akauliza amebakiza kiasi gani. Nilimtajia salio, kisha nikasema kwamba nimeshatoa mia tano ya chenji yake ya juzi.

Alinitazama kwa muda. "Chenji gani, mjukuu wangu, nami juzi sikukupa hela?"

Nilijitetea kwamba nimechanganya majina, akaondoka na furushi lake. Jioni nilifungua kaunta buku lenyewe, si lahajedwali, nikaitafuta mistari ile 14. Mwisho wa kila mmoja palikuwa na neno dogo, "mjukuu", ambalo sikuliingiza kwa sababu sikuwa na safu ya aliyekuja kuchukua bidhaa, na niliona halina kazi katika hesabu. Mjukuu wake huyo hutumwa na nyumba tatu kwa safari moja, huku sarafu zote amezikunja katika kiganja kimoja, na akirudi hakuna ajuaye ipi ilikuwa ya nani. Siku ambazo bibi alikuja kwa miguu yake, Baba hakuandika chenji hata mara moja.

Niliongeza safu ya H, nikaiita "Aliyekuja". Kisha niliifuta ile mia tano, nikangoja siku atakayomtuma mtoto.